Ofa ya mogeji Uingereza: riba 4.5%, APRC 6.4%, uangalie ipi?

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tunachambua ofa ya mogeji, hasa kwa ninyi mnaonunua nyumba ya kwanza hapa Uingereza. Nimeandaa mfano unaofanana na ofa nyingi: mkopo wa pauni 200,000, miaka 25, riba 4.5% isiyobadilika kwa miaka 5, ada ya pauni 999.

Kwa miaka 5 hiyo unalipa kama pauni 1,112 kwa mwezi, hata Benki Kuu ikipandisha riba. Lakini tazameni tarehe iliyoandikwa. Ofa nyingi hazihesabu miaka 5 tangu ulipokabidhiwa funguo. Zinataja siku kamili ya mwisho. Ikipita bila kupanga ofa mpya, unahamishiwa riba ya kawaida ya benki, ile inayopanda na kushuka. Kwa mfano wetu ni 7.5%, na rejesho linaruka hadi kama pauni 1,416. Kwa hiyo anza kutafuta ofa nyingine miezi kadhaa kabla.

Sasa hiyo APRC ya 6.4% inayowatisha wengi. Si riba utakayotozwa mwezi huu. Imechukua ada, miaka 5 ya 4.5%, kisha miaka 20 ya 7.5%, ikavichanganya vyote kuwa kiwango kimoja cha mwaka, kana kwamba hutabadilisha ofa mpaka deni liishe. Watu wengi hubadilisha. Kwa hiyo mimi sichagui ofa ya miaka 5 kwa APRC. Najumlisha marejesho ya miezi 60 na ada, kisha naangalia deni litakalobaki.

Panapouma kweli ni ada ya kulipa mapema, imeandikwa ERC. Hapa ni 5% mwaka wa kwanza, halafu 4, 3, 2, na 1 mwaka wa tano. Tuseme mwanzoni mwa mwaka wa tatu unauza nyumba urudi Mombasa. Deni limebaki kama pauni 190,900, na 3% yake ni kama pauni 5,700. Zinakatwa kwenye mauzo kabla hujashika chochote.

Kupunguza deni ni jambo jingine. Benki nyingi zinaruhusu 10% ya deni kila mwaka bila kutozwa. Ukilipa pauni 30,000 mwaka huo wa tatu, takriban 19,000 zinapita bure, na 3% inatozwa kwenye zile 11,000 zilizozidi: kama pauni 330 hivi. Ukigawa malipo kwenye miaka miwili, huenda usitozwe kitu. Ila uliza kwanza mwaka wao unaanza Januari au siku mkopo ulipoanza.

Hukumu yangu: ofa hii inamfaa mwenye uhakika wa kukaa. Kama kuna uwezekano wa kuhama kabla ya miaka 3, chukua ya miaka 2. Usitegemee sana ahadi ya kuhamishia mkopo nyumba nyingine, kwa sababu benki itapima kipato chako upya, na inaweza kukataa.