Begi la Safari ya Mbali: Pima Kabla Hujalipenda

Karibuni watazamaji. Mezani nina mabegi mawili ya ganda gumu, yote ya magurudumu manne. Hili kubwa lina urefu wa sentimita 76, hili la kati 68. Anayesafiri kwenda ng'ambo kwa miezi sita huwa anakimbilia kubwa. Mimi nitakushauri uchukue la kati, na sababu inaanzia kwenye mizani.

Kwanza tazama tiketi yako. Ikiandikwa 2PC una mabegi mawili, na kwa daraja la kawaida kila moja mara nyingi lisizidi kilo 23. Hayo ni mabegi mawili, si kilo 46 za kugawa upendavyo: ukipakia 28 huku na 18 kule, la kilo 28 unalilipia. Ikiandikwa 30K, hapo unahesabiwa jumla ya kilo. Na begi moja likipita kilo 32, viwanja vingi havilipokei hata ukiwa na pesa mkononi, kwa kuwa kuna watu wanaolibeba.

Sasa, mizani ya kuning'iniza. Kubwa likiwa tupu: kilo 4.7. Kwenye 23 umebakiwa na 18.3. La kati: kilo 3.4, umebakiwa na 19.6. Yaani dogo ndilo linalokuruhusu kubeba vitu vingi zaidi kwa uzito! Hili kubwa, ukilijaza nguo nzito na viatu, linapita kilo 23 kabla halijajaa. Linamfaa mwenye vitu vyepesi vyenye ujazo, kama majaketi ya baridi.

Vipimo navyo: mashirika mengi yanataka urefu, upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Kubwa ni 76 na 51 na 31, yaani 158 kamili. Ukifungua ile zipu ya kuongeza nafasi, umeshavuka. Na pima hadi chini ya magurudumu. Wauzaji wengine hupima ganda peke yake.

Tuje kwenye ganda. Fungua bitana, soma lebo. PC ni polikaboneti, ABS ni plastiki ya bei nafuu, ngumu lakini haipindi. Bonyeza kwa kiganja hapa katikati. La polikaboneti linabonyea, ukiachia linarudi, tena bila alama. Hili la ABS linagoma. Ukilazimisha, unaona mstari mweupe? Hapo ndipo ufa utakapoanzia, na hasa kwenye kona, maana begi likitupwa hutua kwa kona. Likiandikwa ABS+PC, usilipie bei ya polikaboneti tupu.

Zipu, sogeza kamera. Hii ina msuko mmoja wa nailoni. Nachukua kalamu ya wino, nachoma katikati ya meno, nasukuma: imefunguka, na kufuli bado limefungwa. Kisha navuta vichwa viwili vya zipu vikiwa vimeshikana, navipitisha palepale... imejifunga, hakuna atakayejua. Kwa hiyo tafuta zipu ya misuko miwili, ambayo kalamu haiipenyi kirahisi, na kufuli lililojengwa kwenye ganda, ambalo vichwa vya zipu vinaingia ndani yake. Vikishikwa hapo haviwezi kutembea kuficha wizi. Kama unakwenda Marekani, kufuli liwe na alama ya TSA, wakaguzi walifungue kwa ufunguo wao badala ya kulikata.

Magurudumu nimeyaweka mwisho, ila ndiyo yanayokufa kwanza. Pindua begi. Hili kubwa lina gurudumu moja kila kona, limepigwa ribiti. Likivunjika, fundi atalazimika kutoboa ribiti kwanza, na ganda linaweza kupasuka. La kati lina magurudumu pacha kila kona na nyumba yake imefungwa kwa skrubu nne, ukitoa bitana unazifikia. Weka mzigo ndani, sukuma kwa kidole: likienda upande peke yake, kuna gurudumu limekaa vibaya.

Haya manne ni raha kwenye sakafu ya uwanja wa ndege. Kwenye kokoto, au ukilipandisha ngazi kwa kuliburuta, nyumba ya gurudumu inang'oka na kipande cha ganda. Kama unakokwenda barabara ni mbaya, chukua lenye magurudumu mawili makubwa yaliyozama ndani ya ganda, ingawa mkono utabeba sehemu ya uzito.

Tena ukucha: ubonyeze kwenye mpira wa gurudumu. Begi lililokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto na unyevu, kama huku pwani, mpira wake hunata au humeguka kama biskuti. Hilo liache dukani hata likiwa na nailoni yake.