Nanga ya kemikali kwenye nguzo ya gereji yangu Malaba: iliyoshika na iliyotoka na vumbi

Nina gereji ya malori Malaba, upande wa Uganda, na kwa miaka tulikuwa tukishusha giaboksi kwa jeki na mikono ya vijana wanne. Mwaka huu nikaamua kufunga mkono wa chuma kwenye nguzo ya zege na kuutundikia cheni bloku. Ukuta wa matofali haubebi kitu kama hicho, na rolbolti nilizihofia kwa sababu zinatanua zege zikiwa karibu na ukingo wa nguzo. Rafiki yangu mmoja wa Tororo akaniambia ninunue gundi ya nanga, ile ya chupa mbili ndani ya moja, inayojazwa kwenye shimo la zege ili ishike rodi ya chuma, nikaifuata Kampala.

Kabla ya kununua nilipiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonitia adabu. Mzigo wangu wa juu kabisa niliuweka kilo 500. Mkono unatoka sentimita 60 kutoka kwenye nguzo, na safu ya juu ya rodi iko sentimita 30 juu ya safu ya chini. Zidisha 500 kwa 60, gawa kwa 30, unapata 1,000. Yaani giaboksi ya nusu tani inazivuta rodi mbili za juu kwa tani nzima, kila moja kilo 500, na hapo sijaongeza mtikisiko cheni inaposhtuka. Anayekuambia "ni nusu tani tu" hajaangalia urefu wa mkono.

Rodi zenye nyuzi za milimita 16, daraja 5.8, hazikunitia wasiwasi. Rodi kama hiyo haikatiki mpaka uivute kwa karibu tani nane. Kinachoachia mapema ni shimo.

Na shimo liliachia. Mara ya kwanza kazi nilimwachia fundi aliyeletwa na jirani. Alitoboa vizuri, biti ya milimita 18, kina milimita 125, akiwa amefunga utepe kwenye biti ili asizidishe. Kisha akainama, akapuliza kwa mdomo mara mbili, akafumba macho vumbi lilipomrudia usoni, akasema, "Mzee, liko safi." Akajaza gundi, akasukuma rodi, tukangoja. Kesho yake nikaanza kukaza nati ya kwanza, na kabla spana haijawa nzito rodi yenyewe ikazunguka. Nikaweka bomba fupi juu yake, kisha washa ya chuma na nati ya pili, nikakaza polepole. Rodi ikatoka nzima na gundi yake imeishika, kama mahindi yaliyochomolewa na ganda lake.

Iangalieni gundi hiyo kwa karibu kama mtakavyoiangalia siku moja kwenye kazi yenu. Ilikuwa ngumu kabisa, ukiigonga na nyundo inalia. Lakini upande wa nje ulikuwa laini na mweupe kama umepakwa unga, na ukipitisha kidole unga unabaki kidoleni. Gundi ilishika vumbi, na vumbi halikushika chochote. Ingekuwa imeshika zege, ingetoka na vipande vya zege na kokoto. Ingekuwa haijachanganyika, ingekuwa na mistari ya rangi mbili au sehemu laini inayonata. Mambo matatu hayo yanatofautika wazi ukiyaona, na lawama yake si ya gundi moja kwa moja.

Mara ya pili nilifanya mwenyewe. Nilihama sentimita 15 juu, kwani biti ilipokaribia kina cha sentimita 6 kwenye shimo mojawapo la yule fundi ilikuwa imegusa nondo. Sikukata nondo ya nguzo, na msijaribu. Nilitoboa, nikaingiza pampu ya mkono hadi chini ya shimo nikapuliza mara nne, nikasugua kwa brashi ya waya inayokaza ndani ya shimo, mara nne nikiizungusha, kisha nikapuliza tena mara nne. Brashi hiyo hainunuliwi pamoja na chupa. Muuzaji hakunitajia mpaka nilipouliza, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa bidhaa hii: kitu ambacho kazi nzima inakitegemea kinauzwa pembeni kama kiberiti.

Kisha mdomo wa kuchanganyia. Ndani yake kuna plastiki iliyosokotwa, na sehemu mbili za gundi zinapopita hapo ndipo zinaungana. Tone la kwanza linatoka na rangi zisizo sawa, jeupe limechanganyika na jeusi vibaya. Nililitupa kwenye gazeti mpaka rangi ikawa ya kijivu sawasawa, kama mibonyezo mitano hivi. Halafu mdomo unaingia hadi mwisho wa shimo na kurudi taratibu huku ukijaza, theluthi mbili tu. Ukianza juu, unafungia hewa chini. Rodi nilikuwa nimeifuta mafuta kwa tina, nikaisukuma huku nikiizungusha, na gundi kidogo ikajitokeza mdomoni mwa shimo. Kama haijitokezi, haikutosha. Toa, ongeza, rudisha, na ufanye hivyo upesi.

Upesi, kwa sababu ya joto letu. Karatasi ya chupa yangu, iliyo ya aina ya vinilesta, inasema kwenye nyuzi 30 unayo dakika nne tu kabla haijaganda, na dakika 45 kabla ya kuibebesha mzigo. Mchana gereji yangu chini ya mabati inapita nyuzi hizo. Nilipiga kazi saa moja asubuhi. Hata hivyo simu ililia katikati ya shimo la tatu, nikapokea, na niliporudi mdomo ulikuwa umeganda. Ndani ya boksi kuna mdomo wa pili, nikabadilisha na kutupa tena matone ya mwanzo. Mahesabu ya gundi: shimo moja la kwangu linakula kama mililita 21, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ilitosha mashimo manne na makosa yangu. Angalia tarehe ya mwisho na uliza chupa ilihifadhiwa wapi, maana iliyokaa juani dukani huwa imezeeka kabla ya tarehe yake.

Nilikaza nati kwa spana ya kupima, Nm 80, baada ya kungoja muda wa saa mbili. Hakuna rodi iliyozunguka. Nikatundika kilo 625 za vyuma, robo zaidi ya mzigo wangu, nikaacha usiku mzima, na alama ya wino niliyochora pembeni mwa kila rodi ilikuwa palepale asubuhi.

Jirani alitaka nitundike cheni darini moja kwa moja, rodi zikivutwa chini mchana na usiku. Nilikataa. Boston, Marekani, tarehe 10 Julai 2006, vipande vya dari ya handaki la barabara viliangukia gari na kuua mtu. Nanga zilikuwa za epoksi ya kuganda haraka, na chini ya mzigo usiokoma epoksi ile ilinyooka polepole mpaka ikaachia. Kwangu cheni inashushwa kila jioni, ndoano tupu.

Nyota nne kwa gundi. Moja nimeishika kwa ajili ya ile brashi.