Vidole vya mama vyauma: nunua nini kwanza, na nini ukiache dukani

Mamangu ana miaka 68, yuko Mji wa Kale, na vidole vyake vimeota vile vinundu vigumu karibu na kucha. Asubuhi mikono yaamka imekaza lakini baada ya dakika kumi hivi hulegea. Kinachomkwamisha zaidi si vinundu, ni shina la kidole gumba, pale karibu na kifundo cha mkono, kukamua tui, kusokota nguo, kufungua regyuleta ya gesi, hapo ndipo alia. Hiyo ni osteoathraitisi, gegedu limelika na hakuna dawa ya kulirudisha, kwa hivyo pesa zako ziende kupunguza mzigo na maumivu. Lakini kama viungo vyafura vikawa laini na moto, hasa kwenye ngumi na kifundo, na ukakamavu wa asubuhi wapita saa nzima, usinunue chochote kwanza, mpeleke kwa daktari, huenda ni ugonjwa mwingine kabisa.

Namba 1 kwangu ni vishikio vinene, na ndivyo vya bei rahisi. Ukibana kitu kwa ncha za vidole, shina la gumba labeba kama mara 12 ya nguvu hiyo, yaani kubana kwa kilo 1 pale chini ni kilo 12, ndio maana kisu chembamba chamuumiza kuliko ndoo. Nenda hadwea uulize ile foma ya kufunika mabomba ya esi, kata vipande uvike kwenye kisu, mwiko na mswaki, hakikisha haitelezi ikiwa na mafuta. Vifuniko vya chupa tumia glavu ya mpira ya jikoni, afungue kwa kiganja kizima sio kwa vidole. Na nazi, jamani, mbuzi ipumzike, nunua iliyokunwa kwa mashine sokoni.

Namba 2 ni jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, dawa ya maumivu ya kupaka. Kwa vidole naiweka mbele ya vidonge kwa sababu kiasi kidogo sana ndicho kinachoingia damuni. Mama alisema haifanyi kazi, kumbe alikuwa apaka tone kama punje ya choroko. Kipimo ni gramu 2 kwa mkono mmoja, mpaka mara 4 kwa siku. Mstari wa jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza ni karibu nusu gramu, kwa hivyo ni mistari minne. Tyubu ya gramu 20 haifiki siku 3 ukipaka mara 4, tafuta kubwa. Halafu mikono isioshwe kwa angalau saa nzima, na hapa ndipo tulipokuwa twapoteza pesa, alikuwa apaka kisha aenda kutia udhu! Sasa apaka baada ya swala ya alfajiri, baada ya adhuhuri vyombo vikishaoshwa, na baada ya isha. Kwa mkono mmoja hiyo ni gramu 6 kwa siku, tyubu ya gramu 50 yamfikisha siku 8, na ilichukua kama wiki mbili kabla hajaona tofauti. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au dawa za kulainisha damu amuulize mfamasia kwanza.

Namba 3, kishikilia gumba, lakini ni kwa wale wenye maumivu ya shina la gumba tu, kwa vinundu vya kucha hakitasaidia. Chagua kinachoshika shina na kuacha ncha za vidole huru, mjaribishe hapo hapo dukani kwa kushika kalamu. Cha mpira mzito kwa joto letu kitamtoa jasho na upele, cha kitambaa ni bora. Na asikivue baada ya wiki moja akisema hakifai, chahitaji kama miezi 3.

Joto ni beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 kabla ya kazi za asubuhi, halihitaji kununuliwa, lalegeza kwa muda tu. Pima kwa kiwiko chako, hasa kama ana sukari na vidole havisikii vizuri. Usipashe juu ya jeli. Nta ya kuyeyusha jikoni usijaribu, yachoma.

Vidonge ni mwisho. Parasetamoli kwa vidole msaada wake ni mdogo. Ibuprofeni kwa mama mwenye presha anayemeza enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza maji, figo zaweza kuumia, na watu wazipata dukani bila kuulizwa swali. Ile poda isiyo na lebo inayomaliza maumivu kwa siku mbili, iache. Poda kama hizo zimewahi kupatikana zimechanganywa steroidi kisirisiri, ukiona uso umevimba na sukari imepanda baada ya kuitumia, ichukue uende nayo kwa daktari, na asiikate ghafla peke yake.