Uzoefu wangu: kipimo cha kalsiamu ya moyo kabla ya kuamua kuhusu statini

Nilipima kalsiamu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa mishipa hiyo, mwaka 2022 hapa Columbus, Ohio, nikiwa na umri wa miaka 54. Nililipa dola 99 kutoka mfukoni kwa sababu bima yangu haikugharimia. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyewahi kuambiwa na daktari kwamba hatari yake ya mshtuko wa moyo au kiharusi iko mpakani, kwa maana si ndogo ya kupuuzwa wala si kubwa ya kumlazimu ameze statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli, kisha akaachiwa uamuzi mikononi.

Kilichonifikisha huko ni kaka yangu wa Tanga, aliyepata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 57. Mimi sijawahi kuvuta sigara wala sina kisukari. Kolesteroli yangu yote ilikuwa 215, ile nzuri 48, ile mbaya 141, na namba ya juu ya presha 128 bila dawa yoyote. Daktari alipoziingiza namba hizo kwenye kikokotoo, kilitoa asilimia 6.6, yaani kati ya watu 100 walio kama mimi, karibu saba wangepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Wakati huo, kuanzia asilimia 5 hadi chini ya 7.5 ndiyo iliitwa mpakani. Kuhusu kaka, daktari alinieleza kwamba ugonjwa wa ndugu wa kiume huhesabiwa kuwa wa mapema ukimpata kabla ya miaka 55, kwa hiyo kwa kanuni hiyo ugonjwa wake haukuniongezea hatari. Kwa kanuni, sawa, lakini mimi ndiye niliyepokea simu ile usiku, na nilitaka kujua hali ya mishipa yangu mwenyewe, si ya watu 100.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Hakuna sindano wala dawa ya kung'arisha damu. Unabandikwa nyaya za kusoma mapigo ya moyo, unalala chali, unaingizwa kwenye mashine ya CT, na unabana pumzi kwa sekunde chache. Mashine hupiga picha wakati moyo umetulia kati ya pigo na pigo, na ndiyo maana waliniagiza nisinywe kahawa asubuhi ile. Hata hivyo nilifika na mapigo 84 kwa dakika kwa sababu ya wasiwasi, na mhudumu akanisubirisha hadi yakashuka kwenye 66. Nilimshukuru, kwa sababu moyo unaokwenda mbio hutoa picha yenye ukungu, na ukungu huo unaweza kupotosha hesabu. Mionzi yake ni kama theluthi moja ya ile ambayo Mmarekani wa kawaida huipata kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula.

Hesabu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa bila hiyo namba haisemi kitu. Njia iliyozoeleka ni ya Agatston, iliyochapishwa mwaka 1990. Katika kila kipande cha picha, chenye unene wa milimita 3, hutafutwa doa lolote ndani ya mshipa linalong'aa kuanzia 130 kwenye kipimo cha mng'ao kiitwacho Hounsfield. Eneo la doa kwa milimita za mraba huzidishwa kwa 1, 2, 3 au 4 kulingana na mng'ao wake. Kwa mfano, doa la milimita 6 za mraba lenye mng'ao wa 250 huzidishwa kwa 2 na kutoa 12. Madoa yote hujumlishwa. Yangu yalikuwa kwenye mshipa mmoja tu, ule wa mbele unaoshuka upande wa kushoto, na jumla ikawa 38.

Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Ripoti niliyotumiwa ilisema kwamba kalsiamu ni kidogo, ikaishia hapo. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu kwamba dawa haihitajiki, na kwa majuma matatu sikumtafuta daktari. Nilipokwenda, yeye alifungua kikokotoo cha MESA, uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 2000 kwa kufuatilia watu 6,814 wa maeneo sita ya Marekani, akaingiza umri wangu, jinsia na kundi la Weusi. Wanaume wengi wa kundi hilo na wa umri wangu wana sifuri. Kumbe 38 yangu ilinipandisha juu ya robo tatu ya wenzangu. Mwongozo wa kolesteroli wa Marekani wa mwaka 2018 ulishauri statini kwa anayefika 100 au zaidi, na pia kwa aliye juu ya robo tatu ya watu wa rika lake. Kwa mwenye 1 hadi 99 uliegemea kwenye dawa, hasa akifikisha miaka 55, na mimi nilibakiza mwaka mmoja.

Nilimuuliza kama jedwali la Wamarekani Weusi linamhusu kweli mtu aliyezaliwa Tanga. Alikiri kwamba halikutengenezwa kwa watu wa kwetu. Wamarekani Weusi kwa kawaida huwa na kalsiamu kidogo kuliko Wazungu wa umri uleule, hivyo kwenye jedwali la Wazungu namba yangu ingeonekana ya kawaida zaidi. Alichonishauri ni kwamba nisishikilie nafasi yangu kwenye jedwali kana kwamba imepimwa kwa rula, bali nitazame jambo lisilo na ubishi: ugonjwa umeshaanza ndani ya mshipa, na nimebakiza miaka mingi ya kuishi nao. Nilianza rosuvastatini miligramu 5. Baada ya majuma nane kolesteroli mbaya ilishuka kutoka 141 hadi 86.

Picha hiyo pia ilionyesha kinundu cha milimita 4 kwenye pafu, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Kwa mtu asiyevuta sigara kinundu kidogo namna hiyo hakihitaji kufuatiliwa, lakini nilikosa usingizi kabla ya kuambiwa hivyo.

Mwaka uliofuata niliomba kipimo kirudiwe ili nione kama dawa inafanya kazi, na daktari akakataa. Statini huweza kuyafanya madoa yawe magumu na yenye mng'ao zaidi, na kwa kuwa mng'ao huzidishwa katika hesabu, namba ingeweza kupanda wakati mshipa unatulia. Kazi ya dawa huonekana kwenye kolesteroli ya damu.

Mwenzangu kazini, mwenye miaka 49 na mvutaji wa sigara, alipata sifuri akadhani ameponyoka. Kipimo hiki huona kalsiamu tu, hakioni mafuta laini ambayo bado hayajaingiwa na kalsiamu, na kwa mvutaji, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa mapema katika familia, mwongozo uleule haukuichukua sifuri kuwa ruhusa ya kuacha dawa. Kwa mtu asiye na hayo matatu, sifuri ingetosha kuahirisha statini na kupima tena baada ya miaka 5 hadi 10, na hapo ndipo ningesema dola 99 zimelipa zaidi.

Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 29, aliponipigia kuuliza, "Baba mdogo, na mimi nitafute kipimo hicho Dar?", nilimwambia asitafute. Katika umri wake karibu hakika atapata sifuri, na sifuri hiyo haitamwambia chochote kuhusu miaka yake ya hamsini. Nilimwomba apime presha na kolesteroli, kisha anitumie majibu.