Saa 4,000 za YouTube: miezi 34 ya chaneli yetu ya ushonaji kati ya Lubumbashi na Nairobi

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Kenya, na hapa nazungumzia komuni ya Kenya ya Lubumbashi, wala si nchi ya Kenya, ingawa nchi hiyo nayo imo katika habari hii kwa sababu mdogo wangu anaishi Nairobi, na ndiye mmiliki wa chaneli yetu ya YouTube. Mimi hurekodi masomo ya kukata na kushona nguo za kitenge, naye huzihariri video, huzipandisha na kuwajibu watazamaji. Tulianza Machi 2022, tukakubaliwa Januari 2025 katika programu ya washirika wa YouTube, ile inayowagawia wenye chaneli fedha za matangazo, na fedha ya kwanza ikaingia Oktoba 2025. Ninaandika tarehe hizo mwanzoni kabisa kwa sababu mahali pengi nilipokuwa nikisoma niliahidiwa miezi 6, na ahadi hiyo ilinifanya nipange vibaya.

Masharti yenyewe yanaweza kusemwa kwa sentensi chache. Ili kupata sehemu ya fedha za matangazo, chaneli inatakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000, na pamoja nao ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita, ama mara milioni 10 za kutazamwa kwa Shorts, yaani video fupi, ndani ya siku 90. Tangu Juni 2023 kuna pia ngazi ya chini zaidi, yenye wafuatiliaji 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 au Shorts zilizotazamwa mara milioni 3. Ngazi hiyo hufungua michango ya watazamaji na uanachama wa kulipia, lakini haileti fedha za matangazo, kwa hiyo sisi hatukuisubiri. Zaidi ya hesabu hizo, chaneli isiwe na onyo linaloendelea la kuvunja kanuni za jumuiya, akaunti iwe na uthibitishaji wa hatua mbili, na mwenye chaneli aishi katika nchi ambayo programu inapatikana.

Sharti la nchi ndilo ningemwomba kila mtu wa Lubumbashi alitazame kabla hajanunua hata taa ya kurekodia. Nilipoifungua orodha ya nchi mwaka 2023 sikuikuta Kongo yetu, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwamo. Kwetu sisi jambo hilo halikuleta taabu, kwa kuwa chaneli ilifunguliwa na mdogo wangu tangu siku ya kwanza, kwa jina lake na kwa anwani yake ya kweli, nasi tuliandikiana makubaliano ya jinsi ya kugawana. Lakini nimewaona watu wanaojaza nchi wasiyoishi, wakidhani watarekebisha baadaye. Tatizo lao huonekana mwishoni, baada ya kazi yote, pale ambapo malipo yanadai kitambulisho, fomu ya kodi na namba ya siri inayotumwa kwa posta kwenye anwani iliyoandikwa.

Wafuatiliaji 1,000 tuliwafikia Oktoba 2023, na sitakaa sana hapo. Shorts zilitusaidia, kwani takriban 300 kati yao walikuja kupitia vipande vya sekunde 40 vinavyoonyesha namna ya kugeuza kola. Kijana mmoja alitaka kuniuzia wafuatiliaji 1,000 kwa dola 20, nikakataa, maana wafuatiliaji wa kununua huondolewa wakigunduliwa, na hata wasipoondolewa hawatazami chochote, wakati sharti gumu ni la kutazamwa.

Ni hizo saa 4,000 zilizotuchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu nilizielewa vibaya kwa miaka miwili. Niliziona kama ndoo: unamimina kidogo kidogo, siku moja inajaa, basi. Machi 2024 mdogo wangu alinipigia simu akisema, «Yaya, tumepita elfu nne!», na yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Alikuwa amesoma takwimu za jumla za YouTube Studio, ambazo zilionyesha saa 4,310. Tulipofungua ukurasa wa mapato, ambao ndio unaohesabu saa zinazokubalika, tulikuta 3,740. Tofauti ya saa 570 ilitokana na mambo mawili. Kwanza, saa zinazotoka kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi katika zile 4,000. Pili, tulikuwa na masomo 9 tuliyoyaficha yasiorodheshwe, ambayo nilikuwa nawapa wanagenzi wangu kwa kiungo, na video ya namna hiyo, kama ilivyo video ya faragha au iliyofutwa, saa zake hazihesabiwi. Hazihesabiwi pia saa zilizopatikana kwa kulipia tangazo la video. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua amefika wapi asitazame mahali pengine popote isipokuwa ukurasa wa mapato.

Mwanzoni mwa Mei ukurasa huo ulisoma 3,790, nasi tukahesabu kwamba wiki chache zingetosha. Badala yake namba ikaanza kushuka, na mwisho wa Juni ilikuwa 3,180. Nilifikiri kuna kosa la mtambo, lakini mtambo ulikuwa ukihesabu sawasawa. Mwaka mmoja kabla, Mei na Juni 2023, somo letu la kukata libaya, ile blauzi ya kitenge ya wanawake wa Kongo, lilikuwa limesambaa na kutuletea saa 1,100 ndani ya miezi hiyo miwili. Hesabu ya miezi 12 husogea kila siku: siku ya leo inaingia, na siku kama ya leo ya mwaka jana inatoka. Mei na Juni 2024 tulipata saa 490 mpya huku zile 1,100 zikitoka moja baada ya nyingine, tukapungukiwa saa 610 bila kufanya kosa lolote.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu. Saa 4,000 kwa miezi 12 ni takriban saa 334 kwa mwezi, au karibu saa 11 kila siku. Ukiliondoa lile wimbi la libaya, sisi tulikuwa tukipata wastani wa saa 269 kwa mwezi, na 269 mara 12 ni 3,228. Maana yake ni kwamba kwa mwendo ule hatungefika kamwe, hata tungeendelea miaka 10, kwa kuwa kila mwezi mpya ungefuta mwezi mwingine ulio sawa nao. Chaneli ndogo hupata wimbi moja la bahati, huona namba inapanda, kisha husubiri. Mimi ningesema wimbi lina miezi 12 tu ya kukusaidia, na ndani ya miezi hiyo lazima mwendo wa kawaida upandishwe hadi uzidi saa 334.

Tulibadilisha urefu wa somo kabla ya kubadilisha kitu kingine. Video zetu nyingi zilikuwa za dakika 6, na mtazamaji wa wastani alikuwa akiondoka baada ya dakika 3. Kwa dakika 3, saa 334 zinahitaji kutazamwa mara 6,680 kwa mwezi, na hatukuwa na watu hao. Tukaanza kutoa somo moja kwa wiki la dakika 20 hadi 25, nguo moja tangu kupima mwili hadi kupiga pasi, na wastani ukapanda hadi dakika 6. Kwa wastani huo zinatosha mara 3,340. Somo refu linafaa ushonaji kwa sababu mtu hulitazama akiwa na kitambaa mkononi, anasimamisha, anarudi nyuma, anaendelea. Sidhani kama hesabu hiyo ingefaa chaneli ya habari au ya vichekesho. Mara tatu kwa mwezi tulifanya pia somo la moja kwa moja, saa moja na nusu, Jumamosi asubuhi, kabla ya saa ambazo umeme hukatika mtaani kwetu. Watu 20 wakikaa muda wote, hizo ni saa 30, na zinahesabiwa mradi rekodi ibaki hadharani baada ya somo kwisha.

Julai 2024 tulipata saa 380, Agosti 430, Septemba 460, Oktoba 470, na mwisho wa Oktoba ukurasa ulisoma 3,844. Kisha tukafanya jambo lililotuumiza, nami naamini lilikuwa sahihi. Video tatu za zamani zilikuwa na vipande vya maonyesho ya mavazi ambavyo si vyetu, tena vikiwa na muziki wa watu. Wakaguzi hawaangalii video zote. Huangalia mada kuu ya chaneli, video zilizotazamwa zaidi, mpya zaidi, zilizobeba sehemu kubwa ya saa, pamoja na vichwa na maelezo. Moja ya zile tatu ilikuwa miongoni mwa zilizobeba saa nyingi. Anayekataliwa mara ya kwanza anaweza kuomba tena baada ya siku 30, na akikataliwa tena husubiri siku 90, na kwa mwendo wetu siku 90 zilikuwa nyingi mno. Tulizifuta zote tatu, na saa 160 zikaondoka nazo. Ningezifuta tangu 2022, wakati zilikuwa na saa 5 tu.

Tulivuka 4,000 katika wiki ya mwisho ya Desemba 2024. Tarehe 29 mdogo wangu alikubali mkataba, akaunganisha AdSense, akaunti ya Google inayopitisha malipo, na ombi likaingia katika ukaguzi. Jibu huchukua hadi mwezi mmoja hivi. Letu lilifika tarehe 17 Januari, baada ya siku 19. Tangu hapo kushuka chini ya saa 4,000 hakumtoi mtu moja kwa moja, lakini chaneli inayokaa miezi 6 au zaidi bila kupandisha video wala kuandika chapisho la jumuiya inaweza kuondolewa.

Kukubaliwa si kulipwa, na muda huo nao nilikuwa sijauhesabu. Salio likifika dola 10, namba ya siri ya kuthibitisha anwani hutumwa kwa posta, na yetu ilikaa zaidi ya wiki tatu kabla ya kuonekana katika sanduku la posta la Nairobi. Malipo hutoka salio likifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Chaneli huchukua asilimia 55 ya fedha za matangazo ya video ndefu, na kwa watazamaji wetu, ambao wengi wako Kongo, Tanzania na Burundi, sehemu hiyo ilikuwa dola 12 hadi 15 kwa mwezi. Dola 100 zilitimia mwishoni mwa Septemba 2025. Malipo ya Oktoba yalikuwa dola 107. Mdogo wangu alibaki na nusu yake kama tulivyoandikiana, na nusu yangu nimenunulia kishikio cha kamera kinachoshika simu juu ya meza ya kukatia.