Mfasiri na mchapaji: umlipe kwa neno, kwa ukurasa au kwa saa?

Bei za kazi hizi hazilinganishiki mpaka uzigeuze zote ziwe kipimo kimoja: idadi ya maneno ya maandishi unayopeleka. Kwenye Google Docs bonyeza Ctrl+Shift+C uione.

Tuseme una ripoti ya Kiingereza ya maneno 3,000, unataka iwe Kiswahili. Mfasiri wa kwanza anataka shilingi 40 kwa neno, wa pili 12,000 kwa ukurasa, wa tatu 15,000 kwa saa. Wa kwanza hana mafumbo: ni 120,000, na unaijua kabla kazi haijaanza. Wa pili muulize ukurasa wake una maneno mangapi. Akihesabu 250, kama wafanyavyo wengi, ripoti yako ni kurasa 12, yaani 144,000. Akihesabu ukurasa uliobanwa wa maneno 500, ni kurasa 6 na 72,000 tu. Wa tatu, akifasiri maneno 250 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida ya mtu makini, atatumia saa 12, yaani 180,000. Akiwa mzito, hasara ni yako.

Kwa tafsiri, basi, bei ya neno naipa nafasi ya kwanza. Ila uliza ni neno la upande upi. “Sitakuambia” ikienda Kiingereza huwa maneno matano, kwa hiyo anayehesabu Kiingereza kilichotoka atakupandishia bill, tena utaijua kazi ikiisha. Ng'ang'ania maneno ya maandishi uliyopeleka.

Bei ya ukurasa ni ya pili, isipokuwa kwa vyeti. Cheti cha kuzaliwa kina maneno machache. Kazi iko kwenye jedwali, mihuri na mwandiko usiosomeka. Hapo kulipa kwa ukurasa ni haki.

Stesheneri nao huchapa kwa ukurasa, na mtego uko kwenye nafasi kati ya mistari. Mwandiko uleule unaotoa kurasa 10 kwa nafasi moja hutoa karibu 20 kwa nafasi mbili. Kubalianeni mapema: A4, Times New Roman saizi 12, nafasi 1.5, na makosa ya mchapaji yarekebishwe bure. Ondoka na faili la Word pia, maana ukiwa na karatasi tu, kesho ukitaka kubadili sentensi moja utalipia kuchapa upya.

Bei ya saa ni ya mwisho, ingawa kwa kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa haikwepeki. Saa moja ya rekodi hula kama saa nne za kuchapa, na zaidi watu wakidakiana maneno. Kwa hiyo “10,000 kwa saa” inaweza kuwa 10,000 au 40,000. Andikianeni WhatsApp kwamba ni saa ya rekodi, kisha mpe dakika kumi za kwanza uone anachokuletea.