Intaneti ya nyumbani ya "hadi Mbps 20": hali kabla na baada ya kikomo

Kifurushi ninachotumia hapa Dar es Salaam kilitangazwa kwa kasi ya "hadi Mbps 20" bila kikomo. Mkataba, hata hivyo, unaeleza mambo mawili ambayo tangazo halikuyagusa: kasi ya chini inayohakikishwa ni Mbps 5, na mteja akishatumia GB 500 ndani ya mwezi, kasi hushushwa hadi Mbps 2 mpaka mzunguko mpya wa malipo uanze. Kwa maneno mengine, huduma haikatiki, lakini kikomo kipo.

Nikipima kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, ili udhaifu wa Wi-Fi usiingie katika hesabu, alfajiri napata karibu Mbps 19, na saa mbili usiku, majirani wote wanapokuwa mtandaoni, napata kati ya 7 na 9. Hilo sina ugomvi nalo, kwa kuwa laini ni ya watu wengi na kasi haijashuka chini ya kiwango kilichohakikishwa.

Tatizo lilijitokeza kabla ya mwezi kwisha, video zilipoanza kukwama. Msongamano hubadilika kulingana na saa, ilhali kasi iliyoshushwa na mtoa huduma haibadiliki. Nami nilipopima saa kumi alfajiri nikapata Mbps 2 zilezile za jioni, nilijua kwamba GB 500 zimekwisha. Kwa kasi hiyo, faili la GB 1 huchukua zaidi ya saa nzima kushuka, na video ya ubora wa HD, inayohitaji takribani Mbps 5, haiendi kabisa.

Nilishangaa zilikwendaje, kwa sababu video ya HD hula takribani GB 3 kwa saa, nasi hatutazami saa tano kila siku. Orodha ya vifaa ndani ya ruta ilionyesha kwamba mlaji mkubwa ni kamera ya ulinzi ya getini, ambayo hupeleka picha kwenye seva usiku na mchana kwa Mbps 1. Kasi hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa siku ni karibu GB 11, na kwa siku 30 ni GB 324, kwa kuwa data inayopanda huhesabiwa sawa na inayoshuka. Tangu nilipoiweka irekodi pale tu kitu kinapopita, hatujagusa kikomo tena.

Kwa bei yake, kifurushi hiki nakiona kinafaa, na nitaendelea nacho. Ninachokilaumu ni tangazo, ambalo lilipaswa kuandika zile GB 500 na Mbps 2 kwa herufi kubwa kama ilivyoandikwa ile 20. Anayefikiria kujiunga aulize kwanza kasi baada ya kikomo, na kama kamera yake inarekodi muda wote, achague kifurushi chenye kikomo kikubwa zaidi.